Barua ya dhamana ya malipo: riba iko wapi, na hatari iko wapi?

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Swahaba zake. Amma baad.

Ndugu msomaji, miongoni mwa Waislamu wanaosafirisha mazao kwenda nje kuna kauli inayosikika mara kwa mara baada ya swala, pale watu wanapozungumzia biashara: kwamba barua ya dhamana ya malipo, ile ambayo wafanyabiashara wenyewe huiita elsii, ni jambo la mabenki, na jambo la mabenki ni riba, basi mcha Mungu na ajiepushe nayo. Anayeamini hivyo humpelekea mnunuzi asiyemjua ufuta wake, au karafuu zake, au mbaazi zake, kwa kuaminiana tu. Mnunuzi humwandikia kwa salamu ndefu, humwita ndugu yake katika imani, na pengine humtumia picha yake akiwa Makka. Mzigo ukishafika, simu haipokelewi.

Upo na upande wa pili. Wapo wanaoikubali elsii kwa moyo mkunjufu, wakadhani kwamba neno "dhamana" limekwisha kuwatosheleza, wasiisome hata mara moja, na wao pia wakahasirika. Maoni yangu ni kwamba makundi yote mawili yanakosea kwa sababu moja: hayajatazama chombo chenyewe kinafanya nini. Riba katika jambo hili ina mahali pake panapojulikana, na hatari nayo ina mahali pake, na mahali hapo pawili si pamoja.

Tuanze na asili ya jambo. Muuzaji aliye Dar es Salaam na mnunuzi aliye Uturuki hawajuani. Muuzaji anaogopa kutoa mali kabla ya kulipwa, na mnunuzi anaogopa kutoa fedha kabla ya kuona mali. Kila mmoja ana haki ya kuogopa, wala hofu hiyo si dharau kwa mwenzake. Qur'ani Tukufu yenyewe, katika aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote, inatuamrisha kuandika deni la muda maalumu na kuweka mashahidi, na haikusema kwamba amri hiyo ni kwa wasioaminiana peke yao. Na katika Suratu Yusuf, aya ya 72, mpiga mbiu wa mfalme aliahidi shehena ya ngamia kwa atakayeleta chombo kilichopotea, naye mwenyewe akajifanya mdhamini wa ahadi hiyo. Mafakihi wengi wameitaja aya hiyo kuwa ni msingi mmojawapo wa dhamana, yaani kafala.

Basi elsii ni hiyo: mdhamini anaingia kati. Mnunuzi huenda kwenye benki yake na kuiomba itoe barua. Ndani ya barua hiyo benki humwahidi muuzaji kwamba akileta hati kadhaa zilizotajwa, kwa namna iliyotajwa, kabla ya siku iliyotajwa, benki yenyewe italipa. Angalia vizuri: anayeahidi si mnunuzi tena, ni benki. Mnunuzi akifilisika kesho yake, au akajuta, au akakasirika, ahadi ya benki inabaki palepale. Kwa mujibu wa kanuni za Jumuiya ya Kimataifa ya Wafanyabiashara ziitwazo UCP 600, zilizoanza kutumika tarehe 1 Julai 2007, barua ya namna hii haiwezi kufutwa wala kubadilishwa bila ridhaa ya muuzaji mwenyewe.

Barua hiyo haimfikii muuzaji mkononi kwa njia ya mnunuzi. Benki ya mnunuzi huituma kwa mtandao wa mabenki wa SWIFT hadi kwenye benki iliyo Tanzania, na hii ndiyo humpasha habari muuzaji baada ya kujiridhisha kuwa barua ni ya kweli. Nasisitiza jambo hili kwa sababu wapo waliotumiwa na mnunuzi karatasi yenye nembo ya benki kwa barua pepe, wakaichapisha, wakaifungia kwenye faili, wakapakia mali. Karatasi hiyo si elsii, hata ingekuwa na mihuri kumi. Isiyopitia benki yako haipo.

Sasa tuchukue mfano wa kupangwa, lakini ambao kila mwenye ujuzi wa kazi hii atautambua. Muuzaji amenunua ufuta katika minada ya vyama vya msingi huko Lindi, na ameafikiana na mnunuzi wa Uturuki kumuuzia tani 95, bei dola 1,400 kwa tani ikiwemo nauli ya meli hadi bandari ya Mersin. Jumla ni dola 133,000. Mzigo ni magunia 1,900 ya kilo 50, yaani makontena matano ya futi ishirini, kila moja magunia 380. Gharama zake zote, tangu mnada, usafishaji, lori, hadi nauli ya meli, zimefika dola 1,310 kwa tani. Faida anayoitarajia ni dola 8,550, si haba, lakini si kubwa kwa aliyefunga mtaji wake wote.

Elsii inafika. Inataka ankara, hati ya shehena melini inayoonyesha kuwa mzigo umepakiwa, orodha ya vifurushi, cheti cha asili ya mali na cheti cha afya ya mimea. Siku ya mwisho ya kupakia ni tarehe 31 Julai. Hati ziwasilishwe benki ndani ya siku 21 baada ya kupakia, na barua yenyewe inakwisha muda wake mwishoni mwa Agosti. Malipo ni papo kwa papo zikionekana hati. Muuzaji anashukuru, anaenda kupakia makontena.

Tarehe 24 Julai wakala wa meli anamjulisha kuwa meli imechelewa na itatia nanga siku za mwanzo za Agosti. Muuzaji anampigia simu mnunuzi. Mnunuzi anajibu kwa bashasha kwamba hakuna tabu, siku chache si kitu, inshaallah benki itaarifiwa. Muuzaji anatulia moyo. Tarehe 2 Agosti mzigo unapakiwa, na hati ya shehena inaandikwa tarehe hiyohiyo. Tarehe 9 Agosti hati zote zinawasilishwa benki, safi, zimepangwa vizuri.

Katika wiki hizo bei ya ufuta imeteremka hadi dola 1,150 kwa tani. Benki ya Uturuki inapitia hati, nayo ina siku tano za kazi za kufanya hivyo, kisha inatuma taarifa ya kukataa: mzigo umepakiwa baada ya siku ya mwisho. Muuzaji anampigia mnunuzi, na safari hii bashasha imepungua. Anasema soko limekuwa gumu. Yuko tayari kuziridhia hati zenye kasoro endapo bei itapunguzwa kwa dola 200 kwa tani.

Hebu tuhesabu pamoja naye. Akikubali, atapata dola 1,200 kwa tani, yaani dola 114,000. Akikataa, makontena yake yako njiani kuelekea Mersin. Itabidi atafute mnunuzi mwingine kwa bei ya soko, dola 1,150, yaani dola 109,250, na hapo bado hajalipa gharama za bandari na za kuchelewesha makontena, ambazo huongezeka kila siku. Anakubali. Gharama zake zilikuwa dola 124,450. Amepata hasara ya dola 10,450 katika biashara iliyokuwa na dhamana ya benki.

Je, benki ilimdhulumu? Hapana. Benki ilifanya ilichoahidi. Iliahidi kulipa iwapo hati zitaonyesha mzigo umepakiwa kufikia tarehe 31 Julai, na hazikuonyesha. Je, mnunuzi alimdhulumu? Kwa maadili ya Kiislamu ndiyo, alivunja kauli yake, na Allah atamuuliza. Lakini kauli ya simu si marekebisho ya elsii. Marekebisho hutoka benki kwenda benki, kwa njia ileile iliyopita barua ya kwanza, na hadi yamfikie muuzaji kwa njia hiyo, hakuna kilichobadilika. Tarehe 24 Julai ufuta ulikuwa bado Dar es Salaam, bei ilikuwa bado nzuri, na mnunuzi alikuwa bado anauhitaji. Hiyo ndiyo siku ambayo muuzaji alikuwa na nguvu. Angalisema, kwa adabu kabisa: ndugu yangu, nitapakia siku nitakayopata marekebisho kutoka benki. Siku tisa zinatosha kwa marekebisho ya tarehe moja. Na endapo mnunuzi angalisitasita, muuzaji angalijua hali ya soko mapema, akauza ufuta wake kwingine ukiwa bado ghalani, bila ya nauli na bila ya fedheha.

Nimeirefusha habari hii kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoumia, na kwa sababu kasoro za hati huwa ndogo kuliko mtu anavyodhani. Chukua magunia hayohayo. Kanuni za UCP 600 zinaruhusu uzito upungue au uzidi kwa asilimia tano, maadamu fedha inayodaiwa haizidi kiasi cha barua, lakini ruhusa hiyo haipo ikiwa elsii imetaja idadi ya vifurushi. Elsii ikisema tani 95, na sita katika magunia yako zikapasuka zikaachwa, uko salama. Elsii ikisema magunia 1,900, na hati yako ikasema 1,894, umempa asiyetaka kulipa sababu ya kutolipa. Kwa hiyo muuzaji mzoefu huisoma rasimu ya barua kabla haijatolewa, akaomba iandikwe kwa tani, na kama hajui uzito utakuwa gani hasa, aombe neno "takriban", ambalo katika kanuni hizo humpa nafasi ya asilimia kumi juu na chini.

Liko jambo jingine ambalo msomaji wetu atalistaajabia. Benki haiangalii ufuta. Haimtumi mtu kufungua gunia. Inaangalia karatasi tu, na kanuni zinasema wazi kwamba mabenki yanashughulika na hati, hayashughuliki na mali. Kwa muuzaji mkweli hii ni rehema, kwa kuwa mnunuzi hawezi kuzuia malipo kwa kudai tu kuwa ufuta una mchanga; hati zikikubaliana na barua, benki italipa, na ugomvi wa ubora utafuata njia yake. Lakini kwa mnunuzi hii ni hatari kubwa, kwani mwovu aweza kupakia takataka, akaandika hati nzuri. Yalishatokea. Mwaka 1941 mahakama moja ya New York iliamua kesi ya mfanyabiashara aliyenunua manyoya ya kutengenezea brashi kutoka India, naye akadai kuwa makreti yaliyopakiwa yalijaa nywele za ng'ombe na uchafu usio na thamani. Mahakama ilisema kwamba pale muuzaji mwenyewe anapofanya ulaghai wa wazi, na benki ikafahamishwa kabla ya kulipa, ahadi ile haimlindi mlaghai. Kesi hiyo imekuwa rejea tangu wakati huo. Hata hivyo mlango huo ni mwembamba mno, na mahakama nyingi hudai ushahidi mzito kabla ya kuufungua. Mnunuzi mwenye akili hangojei mahakama: huweka ndani ya elsii sharti la cheti cha ukaguzi kutoka kampuni huru ya wakaguzi, atakayekagua mzigo Dar es Salaam kabla makontena hayajafungwa.

Na papo hapo muuzaji awe macho. Sharti la ukaguzi likisema cheti kitiwe saini na kampuni huru iliyotajwa, ni jema. Likisema kitiwe saini na mwakilishi wa mnunuzi, basi elsii hiyo ni kama mlango ambao ufunguo wake uko mfukoni mwa yule unayemwogopa. Asiposaini, huna hati kamili. Huna hati kamili, huna malipo. Sharti la aina hii huandikwa kwa maneno matamu na huwa katikati ya barua, si mwanzoni wala mwishoni. Muuzaji alione, alikatae, na asione haya kulikataa.

Turudi sasa kwenye bandari yetu, tarehe 2 Agosti. Katika mfano wetu sikutaja kishawishi kinachomjia muuzaji usiku ule. Anajitokeza mtu katika ofisi ya uwakala na kumwambia: Mzee, kwa nini uhangaike? Tutaiandika hati ya shehena tarehe 31 Julai. Siku mbili tu, nani ataijua? Na kweli, pengine asijue mtu. Hati itakuwa safi, benki italipa, dola 133,000 zitaingia.

Nimewasikia watu wanaojiepusha na benki kwa kuogopa riba, nao wakaliona jambo hili kuwa ni werevu wa bandarini. Subhanallah! Hati ya shehena ni ushahidi. Nahodha, au wakala wake, anashuhudia kwamba siku fulani mali fulani ilikuwa juu ya meli. Kuigeuza tarehe yake ni ushahidi wa uongo, na Mtume wetu (S.A.W.) aliuhesabu ushahidi wa uongo pamoja na madhambi makubwa kabisa, akaurudia kuutaja hadi Swahaba wakatamani anyamaze. Aya ileile ya deni tuliyoitaja imemwamrisha mwandishi aandike kwa uadilifu. Tena si dhambi tu, ni ujinga wa biashara pia: siku hizi safari za meli zinaonekana kwenye kompyuta na mtu yeyote, benki ikiwemo, na meli iliyokuwa bado baharini tarehe 31 Julai haiwezi kuwa ilipakia ufuta Dar es Salaam siku hiyo. Mwenye kugundulika atakuwa amejifungia mlango wa benki zote.

Wa jinsi hiyohiyo ni mtindo wa magunia yaliyolowa. Nahodha akiona magunia yameloa au yamechanika kabla ya kufungiwa, huandika hivyo kwenye hati, na hati yenye maandishi hayo benki haiikubali. Hapo muuzaji hushauriwa ampe mwenye meli barua ya kujitwika madhara, ili hati iandikwe kama kwamba kila kitu ni kizuri. Mwisho wa barua hiyo ni kwamba watu wawili wamekubaliana kumficha wa tatu aibu ya mali. Badilisha magunia, ndugu yangu. Gharama yake ni ndogo.

Sasa tuje kwenye riba, maana ndiyo hoja ya wale waliotangulia. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililo chini ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu lilikutana Jeddah mwezi Desemba 1985 na kutoa uamuzi kuhusu barua za dhamana. Kwa ufupi lilisema hivi: iwapo mteja ameweka benki fedha yote ya kugharimia dhamana, uhusiano wake na benki ni wa uwakala, na uwakala unaruhusiwa kwa malipo au bila malipo. Iwapo hakuweka, basi benki ni mdhamini, na udhamini wenyewe haujuzu kuchukuliwa ujira, kwa sababu mdhamini akilipa deni la mwenzake kisha akarudishiwa zaidi ya alicholipa, amekopesha kwa faida. Lakini gharama za kazi, kama vile kuandika, kutuma na kukagua hati, zinaruhusiwa, zisizidi ujira wa kazi hiyo unaojulikana.

Ukiupima uamuzi huo juu ya mfano wetu, utaona kwamba muuzaji wa ufuta hakuingia popote kwenye riba. Yeye ameuza mali halali kwa bei iliyotajwa, akalipwa bei hiyohiyo. Benki ya Dar es Salaam imempasha habari, imekagua hati, imezituma. Ada yake ni ujira wa kazi. Mnunuzi na benki yake wana makubaliano yao, na muuzaji si upande katika makubaliano hayo. Wapo wanaopendelea tahadhari zaidi, nami siwalaumu, ila wasiiite haramu biashara ambayo haramu yake hawawezi kuionyesha kwa kidole.

Panapotia shaka kweli ni pale muuzaji asipoiamini benki ya mnunuzi, akataka benki ya nchi nyingine iongeze dhamana yake juu ya ile ya kwanza. Ada ya nyongeza hiyo iko karibu sana na ujira wa udhamini mtupu, na kila nchi ya mnunuzi inapokuwa na misukosuko ndivyo ada inavyopanda, jambo linaloonyesha kuwa kinachouzwa hapo ni hatari, wala si kazi. Mwenye haja nayo na aulize wanazuoni kabla, si baada.

Kwa mnunuzi wetu wa Kiislamu anayeagiza kutoka nje, riba humngojea mahali pengine. Hana dola zote, benki inamlipia muuzaji, kisha inamdai riba kwa kila siku mpaka amalize. Hiyo ni riba isiyo na mjadala. Njia ya halali ni murabaha: benki inanunua mali kwa jina lake, mali inaingia katika umiliki wake na hasara yake, kisha inamuuzia mteja kwa faida iliyotajwa. Benki za Kiislamu zipo kwetu, Gulf African Bank ilianza Kenya mwaka 2008 na Amana Bank ikafungua milango Tanzania mwaka 2011. Lakini mteja azingatie mpangilio wa mambo. Akiwa amekwisha kununua mali kwa jina lake mwenyewe kwa muuzaji wa nje, kisha ndiyo anakuja kuomba murabaha, benki haina tena cha kununua, na murabaha hiyo ni jina tu lililobandikwa juu ya mkopo.

Na kwa muuzaji, mlango wa riba ni mmoja, nao hufunguka kimyakimya. Tuseme elsii ya dola 133,000 si ya papo kwa papo bali ni ya kulipwa baada ya siku 90. Hati zimekubaliwa, deni limethibiti, lakini mnada wa Lindi unaendelea na muuzaji anataka fedha leo. Benki inamwambia: tuachie deni lako, tukupe fedha sasa, tukikata asilimia nane kwa mwaka. Kwa siku 90 ni dola 2,660, hivyo anapokea dola 130,340. Wengi huliona hili kuwa ni ada kama ada nyingine, kwa kuwa limeandikwa kwenye karatasi ileile, chini ya ada ya SWIFT na ada ya posta. Siyo. Ameuza dola zijazo kwa dola za sasa zilizo pungufu, na Baraza lilelile la Fiqhi lilisema waziwazi mwaka 1992 kwamba kukata hati za madeni kwa namna hii ni riba ya kuchelewesha.

Muuzaji anayejua tangu mwanzo kwamba mnunuzi anataka siku 90, basi na aliseme hilo mezani siku ya kuafikiana bei, si siku ya kupokea fedha. Kuuza kwa bei kubwa zaidi kwa sababu ya kuchelewa kwa malipo kunajuzu, maadamu bei ni moja, imetajwa na imekubaliwa kabla ya kuachana. Akisema dola 1,430 kwa tani kwa siku 90 badala ya dola 1,400 taslimu, jumla ni dola 135,850, na dola 2,850 zilizoongezeka ni sehemu ya bei ya ufuta, halali yake. Kisha asubiri siku zake 90, na akipangie kile kipindi mtaji mwingine. Wallahu aalam.